Neno Moja Kutoka Vigwaza

Juma lililopita mzee mmoja wa Unguja alituonyesha simu yake. Alikuwa amemwandikia sahibu yake wa Vigwaza, mwenye duka karibu na mizani ya magari katika barabara ya Morogoro, kwamba deni lake hataweza kulilipa mwezi huu, bali ujao. Jibu lilikuwa neno moja: "Haya." Mzee hakulala usiku ule.

Kila mtu wa pwani ajua kwamba maana ya neno hilo imo katika sauti. Likivutwa, ni ridhaa. Likikatwa, ni kinyongo. Ujumbe wa simu huchukua herufi na kuiacha sauti nyuma. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani, Kruger na Epley pamoja na wenzao, walichapisha majaribio ya jambo hili. Walioandika kejeli katika barua pepe walikuwa na yakini kwamba zingetambuliwa, kumbe wasomaji walibahatisha karibu kama mtu arushaye sarafu. Na wasomaji nao walidhani wameelewa!

Lililomchoma mzee zaidi ni ile nukta. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba jibu fupi la simu lenye nukta mwishoni huonekana halitoki moyoni, ilhali likiandikwa kwa mkono karatasini nukta haibadilishi kitu. Lakini simu nyingi za siku hizi huweka nukta zenyewe mtu akibonyeza nafasi mara mbili. Nukta peke yake, basi, si shahidi.

Shahidi ni mazoea ya mwandishi mwenyewe. Tulimwomba mzee afungue ujumbe wa miezi iliyopita. Sahibu yake husema "Haya" karibu kwa kila jambo, ila huanza na "sahibu" na kumaliza na salamu za watoto. Safari hii vyote viwili havikuwamo. Tena jibu liliandikwa usiku, duka limekwisha fungwa, kwa hiyo haraka ya wateja haikuwa sababu. Tukakubali kwamba ubaridi upo. Sababu yake simu haikuisema. Mzee ndiye aliyeijaza mwenyewe, akaiita deni, akaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi wake.

(Waheshimiwa watumishi wa Serikali wanaowaandikia walio chini yao "Njoo ofisini" bila hata salamu, nao wangeuliza ni wangapi siku hiyo walishindwa kula chakula cha mchana.)

Tulimshauri mzee apige simu, naye akapiga mbele yetu. Sahibu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba fedha hazikumkasirisha hata kidogo. "Umeniandikia kama karani wa benki. Jambo kama hili, ndugu yangu, hukupaswa kuniambia kwa mdomo?" Mzee akaomba radhi, wakaulizana hali za watoto. Deni litalipwa mwezi ujao, na mbuzi wangali zizini.