Tafsiri Ujumbe wa Hitilafu, Lakini Usiishie Hapo

Juzi mteja wetu wa Nakuru alitupigia akiwa na wasiwasi. Alikuwa ameweka msimbo wa huduma yetu ili alipie mboga za kuuza, simu ikakaa kidogo, kisha ikamwandikia hivi:

```
Connection problem or invalid MMI code.
```

Kijana wake alipiga skrinshoti, akaifungua kwa Google Lens, akakopi maneno na kuyatafsiri: "Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI." Hilo neno "batili" ndilo lililomtisha mama. Alidhani akaunti yake imefungwa.

Walifanya vizuri kutafsiri, lakini tunaona waliishia njiani. Tafsiri inakuambia maneno yanasema nini, haikuambii kwa nini yametokea. MMI hapa ni ile misimbo inayoanza na * na kuishia na #. Ujumbe wenyewe haujataja akaunti wala pesa. Na neno "au" linaonyesha kwamba hata simu haijui kama shida ni mtandao ama ni msimbo.

Kwa hivyo sasa tafuta chanzo, na utafute kwa maneno ya Kiingereza vile yalivyo, yakiwa ndani ya alama za kunukuu. Ukitafuta kwa tafsiri utapata majibu machache, kwa sababu wengi waliopatwa na shida hii waliandika walichokiona kwa skrini. Utakuta sababu zinazojirudia: mtandao hafifu, simu kuwekwa hali ya ndege, au simu ya laini mbili kutumia laini isiyo sahihi.

Kisha pima moja moja. Piga simu ya kawaida kwa laini ile ile. Ikikataa, shida huenda ni mtandao. Ikikubali, angalia msimbo umetoka kwa laini gani. Mama alikuwa ameongeza laini ya pili ya bando, na simu ikawa inapigia hiyo. Msimbo wetu ulikuwa unaenda kwa mtandao usioujua. Alibadilisha laini ya kupigia kwenye mipangilio, menyu ikafunguka.

Kuna mipaka lakini. Ukiambiwa ufute kila kitu kwa simu, usianzie hapo. Ukikuta namba ya "huduma kwa wateja" kwenye majibu hayo, usiipigie, maana matapeli huziweka huko makusudi. Tumia namba iliyo ndani ya programu yetu. Na usikopi PIN yako popote.

Mwisho, angalia hitilafu imetokea wakati gani. Ya mama ilitokea kabla menyu kufunguka, kwa hivyo hakuna pesa iliyotoka. Yako ikitokea baada ya kuweka PIN, usirudie malipo. Angalia salio na taarifa ya miamala kwanza, usije ukalipa mara mbili.