Maoni Yetu: Makala isitoke kabla ya mhariri kuisoma

Kuanzia Jumatatu ijayo, makala ya mwandishi wa kujitegemea haitaingia tena moja kwa moja kwenye foleni ya tovuti yetu. Barua pepe yenye utaratibu mpya imeshawafikia waandishi wote, na baadhi yao wametuuliza kwa nini tunawafungia mlango waliouzoea. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la wazi.

Tovuti yetu inaendeshwa kwa WordPress. Hadi sasa waandishi hawa walikuwa na akaunti za ngazi ya Author. Mwenye akaunti hiyo hupanga mwenyewe siku na saa, na muda ukifika mfumo unaitoa makala hewani. Mfumo huo hausomi kilichoandikwa. Hautambui jina la mbunge lililokosewa, wala haujui kwamba kikao kimeahirishwa. Unachotazama ni saa tu.

Na saa yenyewe ina mtego. Chukua hotuba ya bajeti, inayosomwa bungeni Dodoma mwezi Juni, wakati wa alasiri. Mwandishi anaandaa uchambuzi mapema na anataka utoke saa 11 jioni. Mfumo wetu unahesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane. Akijaza 11:00, uchambuzi utatoka saa 5 asubuhi, Waziri wa Fedha akiwa bado hajasimama kusoma. Alipaswa kujaza 17:00. Hata hivyo, akijaza sawasawa na tovuti ikawa imeachwa kwenye majira ya UTC badala ya ya Dar es Salaam, makala itatoka saa 2 usiku. Kosa la kwanza linaitanguliza saa sita, la pili linaichelewesha saa tatu. Hakuna kengele inayolia kwa lolote kati ya hayo mawili.

Ndiyo maana akaunti zote sasa zinashushwa kuwa za Contributor. Mwandishi ataandika kama kawaida, lakini akimaliza atabonyeza Submit for Review, na makala itakaa kwenye orodha ya Pending. Mhariri ataisoma, atampigia mwandishi akiwa na swali, kisha yeye ndiye atakayeipangia muda. Tunachoomba ni mstari mmoja juu ya rasimu: "Itoke Alhamisi, 17:00, isitoke kabla hotuba haijasomwa." Sehemu ya pili ya mstari huo ina uzito kuliko ya kwanza, kwa sababu inampa mhariri sababu ya kusubiri hotuba ikichelewa.

Utaratibu huu una gharama, na hatutazificha. Akaunti ya Contributor hairuhusu kupakia picha, hivyo picha zitatumwa kwenye dawati la uhariri pamoja na maelezo na jina la mpiga picha. Kubwa zaidi ni kwamba makala ikishapangiwa muda, mwandishi hawezi tena kuigusa. Takwimu ikibadilika saa moja kabla, asitume barua pepe ikakae bila kusomwa. Apige simu dawatini, na mhariri aliye zamu airudishe makala kwenye rasimu kwanza, ndipo masahihisho yafanyike.

Kwa kuwa ufunguo sasa uko kwetu, wajibu nao ni wetu. Rasimu isiachwe kwenye Pending mpaka habari ichache, halafu mwandishi aambiwe imepitwa na wakati. Ndani ya siku moja ya kazi, kila rasimu lazima ipate jibu moja kati ya matatu: imekubaliwa, irekebishwe mahali fulani, au imekataliwa kwa sababu iliyotajwa. Kukaa kimya si jibu.

Kuna pia suala la malipo. Zamani tulihesabu malipo kuanzia siku makala ilipotoka. Hilo lilikuwa na mantiki wakati mwandishi alijipangia siku mwenyewe. Sasa siku inapangwa na sisi, na si haki chakula cha mtu kitegemee nafasi ya foleni asiyoiendesha. Kwa hiyo makala iliyokubaliwa na mhariri italipwa kwa tarehe ya kukubaliwa, hata kama baadaye tutaisogeza mbele au kuiondoa kwa sababu zetu wenyewe.

Tunawaomba waandishi wetu waisome barua pepe yenye utaratibu mpya hadi mwisho na waanze kuandika saa kwa tarakimu nne. Na yeyote atakayemaliza siku nzima ya kazi bila kujibiwa, asisite kutupigia simu kudai jibu. Ni haki yake.