Kufunga dirisha si kutoka

Ku biro yetu ya sendika, watoto watatu wa wachimbaji wanatumia ordinatere moja. Mmoja anatumikia duka dogo la Ubelgiji: anajibu imeli, anapanga randevu, anaweka fakture mu dosye. Juzi alifunga dirisha tu, akaenda. Wa pili akafungua, na imeli yake kwa shangazi ikaenda kwa jina la duka! Mwenye duka akakasirika, kidogo kazi ipotee.

Sisi hatulaumu mutoto. Mashine inakumbuka mutu mpaka abonyeze "Déconnexion", na ikiuliza kushika neno la siri, ajibu hapana. Lakini ni sisi tungempa kila mutu sesyo yake, yenye neno lake la siri. Haiombi makuta. Kamati ifanye kazi hiyo kabla ya siku ya Posho.