YouTube si redio: mega za familia zinaishia wapi

Katika familia nyingi za Goma na Bukavu, hasa zile zilizopokea jamaa waliokimbia vita Rutshuru na Masisi, simu moja hutumikia watu wengi. Simu hiyo ndiyo inayopokea ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa ndugu waliobaki kijijini, na ndiyo inayopiga muziki jioni. Mega zikiisha kwa muziki, habari za nyumbani nazo hukatika. Wengi hulaumu bei ya mega, na bei kweli ni kali. Lakini makuta mengi zaidi hupotea kwa desturi ya kufanya YouTube kuwa redio.

Chukua mfano wa nyimbo kumi, kila moja dakika tano. Zikipigwa kwenye YouTube kwa picha ya 360p, kila wimbo unaweza kula mega 20 hivi, hata kama simu imelazwa kifudifudi na hakuna anayetazama wachezaji. Hizo ni mega 200 kwa jioni moja, na kwa juma moja ni mega 1.400. Tena YouTube ya bure husimama kioo kikizimwa, kwa hiyo kioo hubaki kikiwaka na betri inaisha haraka. Anayelipa kuchaji simu analipa mara mbili.

Nyimbo zilezile, zikipigwa sauti tupu kwa kilobiti 96 kwa sekunde, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha Spotify, hula mega 3,6 kila moja. Zote kumi ni mega 36. Kiwango cha kilobiti 320 hula mega 12 kwa wimbo. Kwenye spika ndogo ya simu tofauti hiyo haisikiki, kwa hiyo ni vizuri kuingia kwenye mipangilio na kuteremsha kiwango, pale pa kusikiliza na pale pa kupakua. Mtu asiyeweza kuacha YouTube ateremshe picha mpaka 144p na azime « Lecture automatique », ili wimbo mmoja usiite mwingine watu wakiwa wamelala.

Hata hivyo, faida kubwa iko katika kupakua, yaani kutelesharje. Wimbo unaopendwa hurudiwa mara nyingi, na kwenye YouTube kila marudio hulipiwa upya. Ukihifadhiwa, mega 3,6 zinatoka mara moja tu. Kwenye Spotify, kupakua muziki kunahitaji abonema, na simu lazima iingie kwenye mtandao angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo hazipigi tena. Audiomack huruhusu kuhifadhi nyimbo kadhaa bila kulipa. Kote kuwili wimbo hukaa ndani ya programu: hauwezi kutumwa kwa Bluetooth kwa dada, na mtu akitoka kwenye akaunti yake ya Spotify, alivyohifadhi vinaweza kufutika.

Mahali pa kupakua ni kwenye wifi ya jirani, ya parokia au ya kazini, kwa ruhusa ya mwenyewe. Hapo ndipo wengi huponyokwa. Wifi ikidhoofika, simu inaweza kurudi kwenye mega kimyakimya na kuendelea kupakua. Kinga yake ni rahisi: kabla ya kuanza, mtu azime data ya simu kabisa. Kupakua kukisimama, atajua wifi imekatika, na mega zake zitabaki salama.

Kabla ya kuondoka, aweke simu kwenye « Mode Avion » na apige kila wimbo kwa sekunde chache. Unaokataa haujafika wote, na ni afadhali kugundua akiwa bado karibu na wifi kuliko akiwa njiani, mahali pasipo rezo. Baada ya siku chache afungue « Consommation des données » kwenye mipangilio. Hapo simu huonyesha kila programu imekula kiasi gani. Kama YouTube bado iko juu ya WhatsApp, desturi haijabadilika.

Kwa nyimbo mpya na habari, FM bado haili mega hata moja, na simu nyingi ndogo zinayo; mara nyingi inatosha kuchomeka waya wa masikio uwe antena. Basi redio ilete wimbo mpya, wifi ihifadhi ule uliopendwa, na mega zilizonunuliwa kwa shida zingoje ujumbe kutoka Masisi.