Tupambe sakafu, tusiipambe bidhaa



Sisi tunashona mikoba midogo ya harusi na kuiuza mtandaoni. Picha zetu ni zile mnazozijua: nyuma rangi inayofifia pole pole, chini sura ya mkoba inaonekana sakafuni kama vile umewekwa juu ya marumaru iliyopigwa deki. Wapo wanaosema picha hizo ni udanganyifu. Sisi tunasema udanganyifu hauko sakafuni, uko kwenye rangi. Tumejifunza hayo kwa aibu.

Tulikuwa na mkoba wa satini ya krimu. Tukauweka mbele ya rangi ya dhahabu iliyokolea. Mteja akauagiza kwa ajili ya gauni jeupe, na ulipofika mama yake akatupigia: "Mwanangu, mbona huu si mweupe?" Tukaitazama tena picha, na kweli ulionekana mweupe. Hatukuugusa mkoba wenyewe. Ni jicho tu: krimu ikizungukwa na unjano mwingi, unjano wake hupotea. Krimu hiyo hiyo ukiizungushia buluu huonekana ya njano zaidi. Tulirudisha pesa, lakini harusi ilikuwa keshokutwa, na pesa haimbebei bibi harusi mkoba.

Tangu hapo tunafanya hivi. Mkoba tunaupiga picha kando ya dirisha, bila jua la moja kwa moja, taa za ndani zimezimwa. Simu tunaishusha hadi usawa wa mkoba, umbali wa kama mita moja na nusu, kisha tunavuta karibu mara 2. Tukiupiga kutoka juu, sehemu yake ya juu itaonekana, na sura ya sakafuni haitakubaliana nayo.

Kisha tunaukata mkoba kwenye picha na kupunguza ukingo kidogo sana, maana mstari mwembamba wa rangi ya ukutani ukibaki pembeni, kila mtu atajua umebandikwa. Nyuma tunaweka rangi moja tu, kijivu au waridi iliyopauka, nyepesi pale mkoba unaposimama na iliyokolea kidogo kadiri inavyopanda. Pengine picha ikihifadhiwa hutoka michirizi kama ngazi. Ukiona hivyo, itie rangi ya nyuma chembechembe kidogo.

Sura ya sakafuni ni nakala ya mkoba iliyopinduliwa juu chini. Tunaishusha mpaka kitako kiguse kitako. Pakibaki hata upenyo mdogo, mkoba utaelea hewani. Kwenye `Opacity` tunaipunguza hadi asilimia 20 hivi, tunaitia ukungu kidogo, halafu tunaifuta kwa brashi laini ili ipotee kabla ya kufika theluthi moja ya urefu wa mkoba. Mwisho tunachora kivuli chembamba pale vitako vinapokutana. Kivuli hicho ndicho kinachoupa mkoba uzito.

Njia hii ina mpaka wake. Inafaa kwa kitu kilichotazama mbele chenye kitako kilichonyooka. Mkoba ukisimama kimshazari, au kiatu cha kisigino, pembe moja itagusana na nakala na nyingine itaachana. Hapo msijisumbue na simu: kiwekeni kitu juu ya kioo cha dirisha kilichofutwa vizuri, chini yake pana karatasi nyeusi, na mpige sura ya kweli.

Lakini jambo tunalolisimamia ni picha ya pili. Kila mkoba wetu sasa una picha nyingine, haina pambo: mchana, kando ya dirisha, umelazwa juu ya karatasi nyeupe ya kuandikia. Karatasi ndiyo shahidi. Krimu ikikaa juu yake, kila mtu ataiona kuwa ni krimu. Picha ya kwanza inamwita mteja, ya pili inamwambia ukweli, na chini yake tunaandika jina la rangi.

Wenzetu wengine wanatuambia picha hiyo inapunguza wateja. Huenda. Lakini dini yetu inamtaka muuzaji abainishe aibu ya bidhaa kabla ya kupokea pesa, na kwa anayetafuta nyeupe, krimu ni aibu hata kama mshono hauna kasoro.

Nawe bibi harusi, ukipenda kitu kwenye rangi za kupendeza, usilipe bado. Mwombe muuzaji akipige juu ya karatasi nyeupe, kando ya dirisha. Ni kazi ya dakika 1. Akikataa, gauni lako lisubiri mkoba mwingine.