Usingizi wa Mkopo

Aliyekuwa mwanafunzi wangu huko Kitui, ambaye sasa anaendesha bodaboda mjini Wote, alinijia majuzi akiwa na macho mekundu na uso uliosawijika. "Mwalimu," akaniambia, "nimeacha bangi, nami naona nitapata wazimu." Kwa miaka miwili alikuwa akivuta msokoto mmoja kila usiku ili alale. Baadaye mmoja haukutosha, ikawa miwili. Alipoacha, usiku wa kwanza alikesha hadi majogoo. Usiku wa nne alilala kidogo, akaota anafukuzwa, akaamka ametota jasho. Wenzake wakamshauri kwamba dawa ya moto ni moto: avute tena. Akavuta, akalala fofofo, naye akasadiki kuwa bangi ndiyo tiba yake.

Hapo ndipo penye kosa ambalo sisi walimu hatulielezi darasani. Huwa tunahubiri kuhusu wazimu na jela, lakini kijana anayelala vizuri usiku wa leo hatusadiki.

Usingizi si kitu kimoja. Huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na katika kila mzunguko mtu hupita usingizi mwepesi, akazama katika usingizi mzito, kisha akafikia usingizi wa ndoto, ambapo macho huchezacheza chini ya kope. Usingizi mzito hutangulia mapema usiku. Wa ndoto hurefuka kuelekea alfajiri. (Nasi tunawaamsha watoto wa bweni saa kumi na nusu, saa ile ile ya ndoto ndefu! Lakini hilo ni la siku nyingine.)

Kemikali ya bangi inayolevya, THC, humfanya mvutaji asinzie upesi, na hapo mwanzoni huweza kumwongezea usingizi mzito. Wakati huo huo hupunguza usingizi wa ndoto. Ndiyo sababu wavutaji wengi husema hawaoti. Majuma yakipita, ubongo huizoea: faida ya kusinzia hufifia, na kipimo hupanda, kama msokoto mmoja wa yule kijana ulivyozaa wa pili. Anapoacha, ubongo hudai ndoto zilizozuiwa, nazo huja kwa wingi na kwa ukali. Kukosa usingizi, hasira na kutokwa na jasho huanza kwa kawaida katika siku moja au mbili, huzidi katika juma la kwanza, na sehemu kubwa hupoa baada ya majuma mawili hivi, ingawa ndoto za ajabu huweza kuendelea zaidi. Madaktari wa akili wa Marekani waliiweka hali hii katika orodha yao ya magonjwa mwaka 2013.

Basi usiku wa nne wa kijana wetu haukuwa dalili kwamba anahitaji bangi. Ulikuwa ni bangi ikimtoka. Alirudi kuvuta pale pale palipokuwa pagumu kuliko pote, na akivuta tena kila anapofika hapo, ataanza hesabu upya.

Tumbaku nayo ina hila yake. Wako wazee wetu, na siku hizi vijana pia, wanaobana ugoro mdomoni kabla ya kulala wakidai unatuliza. Nikotini ni kichangamshi. Huchelewesha usingizi na kuukatakata. Kinachotulia ni kiu ya nikotini yenyewe, kwa kuwa nusu yake huondoka mwilini katika muda wa saa mbili hivi. Mraibu huamka usiku wa manane akiitafuta, halafu akausifu ugoro uliomrudisha kitandani. Anayesokota bangi pamoja na tumbaku, kisha akaacha zote siku moja, hukabiliwa na madeni mawili kwa pamoja.

Sasa nasikia habari za mafuta ya CBD, kemikali ya bangi isiyolevya. Dawa safi ya CBD iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa aina nadra za kifafa, wala si kwa usingizi. Ushahidi kwamba inatibu kukosa usingizi bado ni hafifu. Tena chupa zinazouzwa ovyo haziaminiki. Watafiti walipopima bidhaa 84 zilizonunuliwa mtandaoni, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, walikuta THC katika 18. Anayedhani amekwepa bangi huenda anainywa.

Shuleni, kwa upande wetu, tunamkamata mwanafunzi na msokoto, tunamfukuza majuma mawili, tukidhani tumemwadhibu. Majuma hayo hayo ndiyo ya kukesha na jinamizi, naye hana wa kumweleza. Au tunambakisha, kisha tunamchapa kwa maneno kwa sababu anasinzia darasani na kujibu kwa ukali.

Yule wa Wote nilimpa kalenda, nikamwomba atie alama kila usiku na saa alizolala. Nilimwambia pia kwamba akianza kusikia sauti mchana au kuwaza kujidhuru, asingoje kalenda, aende hospitalini. Juzi alikuwa usiku wa kumi na moja. Alilala saa tano, akaota yuko darasani kwangu hajafanya zoezi.