Barua ya mzazi kwa mwenye nyumba: tusiwaandikie wazazi deni wasilolijua

Ndugu zetu mnaoanza chuo Kampala, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma, leo tuongelee karatasi moja tu. Ile barua ambayo mwenye nyumba wa Kikoni, Banda au Kansanga anaidai kabla hajakupa ufunguo: "Leta barua ya mzazi kwamba kodi italipwa." Sisi vijana wa kujitolea kambini ndo tunaoziandika hizi barua, maana wazazi wetu wengi hawakusoma, na walio na kalamu ni sisi. Kila mwanzo wa muhula tunazitoa kama maandazi. Na wengi wetu tunaiandika kama barua ya salamu: mtoto wangu ana tabia nzuri, nitalipa deni lake lolote, Mungu akubariki. Halafu mama anaweka kidole.

Hapo kwenye "deni lake lolote" ndo tunapotaka tusimame.

Barua ya utambulisho na barua ya dhamana ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza inasema huyu ni nani. Ya pili ni mkataba. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka dhamana iwe ya maandishi, kwa hiyo siku mzazi anapoweka kidole, ile ahadi ya mdomo isiyokuwa na nguvu inakuwa kitu cha kupelekwa mahakamani. Sheria hiyo inasema pia kwamba mdhamini anadaiwa kiasi kilekile anachodaiwa mpangaji, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Mkataba ukikaa kimya, mzazi amebeba yote. Na mzigo unamwangukia mara mpangaji anaposhindwa kulipa.

Kuna mama mmoja wa Nakivale, jina tunaliacha. Kijana wake alipata chumba Banda, karibu na Kyambogo, kwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Barua iliandikwa kwa haraka, na ilisema mama atalipa deni lolote la mwanawe. Katikati ya muhula pesa ya kujikimu ya kijana ikachelewa miezi miwili. Mwenye nyumba akawa amepandisha kodi hadi 250,000, na kijana, kwa kuogopa kufukuzwa, alikubali kwa mdomo bila kumwambia mama. Mlango nao ulivunjika kitasa na ubao. Simu ilipopigwa kambini hesabu ilikuwa hivi: miezi miwili kwa kodi mpya ni 500,000, mlango 80,000, jumla 580,000. Mama aliuza mbuzi wake wawili na mahindi yaliyokuwa ya kula mpaka mavuno, akafikisha 300,000. Na tukumbuke ni mwaka gani tunaongelea: 2025, wakati WFP ilipokosa fedha na familia nyingi zikaondolewa kwenye orodha ya chakula.

Sasa tuigeuze. Barua ingesema hivi: "Ninadhamini kodi ya chumba fulani, Banda, shilingi 200,000 kwa mwezi, kwa miezi minne ya muhula huu, na sitadaiwa zaidi ya kodi ya miezi miwili. Sidhamini uharibifu wala deni la mtu mwingine. Kodi ikichelewa siku 14 nijulishwe kwa simu hii. Dhamana hii inaisha muhula ukiisha." Kwa maneno hayo mama angedaiwa 400,000 na si shilingi moja zaidi, na angepigiwa simu deni likiwa bado la wiki mbili, wakati kijana bado ana nafasi ya kukopa kwa wenzake au kusumbua ofisi ya mfadhili. Bado ni pesa nyingi kwa mtu wa Nakivale, hatukatai. Lakini ni pesa aliyoikubali akiijua.

Ile nyongeza ya 50,000 nayo ina maneno yake. Sheria ya Mikataba inasema mwenye nyumba na mpangaji wakibadilisha masharti bila mdhamini kukubali, mdhamini hafungwi na yanayofuata badiliko hilo. Ila ukishaandika "deni lolote", mwenye nyumba atabishana kwamba mama alikubali kila kitu mapema. Isitoshe, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 hairuhusu kupandisha kodi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kutoka 200,000 hadi 250,000 ni asilimia 25. Sheria hiyohiyo inataka upangaji wa thamani ya shilingi 500,000 na zaidi uwe wa maandishi, au angalau ujumbe wa simu unaohifadhika. Muhula mmoja wa huyu kijana ulikuwa 800,000. Hakuwa na karatasi yoyote. Mtu pekee aliyekuwa na karatasi katika hadithi nzima ni mama!

Na sisi waandishi tujue kwamba sheria inatutazama. Uganda ina sheria ya tangu ukoloni ya kuwalinda wasiojua kusoma. Anayemwandikia mtu kama huyo lazima aweke mwishoni jina lake kamili na anwani yake kama mwandishi, na kufanya hivyo kunamaanisha aliagizwa kuandika, na kwamba maneno yalisomwa na kuelezwa kwa mwenye kidole. Mahakama zimekataa hati zisizo na hayo. Kwa hiyo soma barua kwa sauti, kwa lugha ya mama mwenyewe, Kinyabwisha, Kibembe, yoyote ile, kisha muulize: "Mama, ukipigiwa simu, utatoa kiasi gani?" Akijibu tofauti na karatasi, chana uandike upya.

Wapo wanaosema tusiandike kabisa dhamana. Hatukubaliani nao. Mwenye nyumba naye si adui. Ameshaachiwa vyumba usiku na wanafunzi wa kila taifa, na sisi hatuna shamba wala ukoo wa kumwonyesha. Ila ukimsikiliza vizuri anauliza mambo matatu: wewe ni nani, nimpigie nani ukipotea, na pesa inakuja lini. La kwanza linajibiwa na kitambulisho cha mkimbizi na barua ya mwenyekiti wa LC1. La pili ni namba ya simu ya mzazi au mlezi, na namba ya simu si dhamana. La tatu mzazi hawezi kulijibu hata kidogo. Anayelijua ni anayelipa masomo.

Hapa tunawageukia nyinyi wa mashirika. Mwanafunzi mwenye ufadhili kama DAFI anasomeshwa kwa sababu familia haina uwezo. Halafu karatasi inayombeba mjini inasainiwa na familia hiyohiyo. Tunaomba barua moja ya ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi: pesa ya makazi ni kiasi gani kwa muhula, inatarajiwa tarehe gani, na ikichelewa mwenye nyumba ampigie nani ofisini. Hatuombi shirika liwe mdhamini, tunajua wanasheria wenu watakataa. Tunaomba tarehe na namba ya simu. Kwa yatima, ambaye leo anaambiwa alete barua ya mzazi aliyemzika Masisi au Fizi, hiyo inaweza kuwa karatasi pekee aliyo nayo.

Muhula mpya unakaribia na foleni ya barua imeshaanza. Atakayekuja kwetu aje na mzazi mwenyewe, siyo na kidole kilichokwishawekwa kwenye karatasi tupu, na aje na kodi, jina la mtaa na namba ya chumba. Bila hivyo vitatu hatuandiki.